Matundu ya Hewa Chini ya Paa la Bati: Lini Yanakausha Uvungu, Lini Yanauloweka

Mwenye nyumba mmoja wa Njombe aliniita mwezi Julai kwa malalamiko ambayo mafundi wa mikoa ya baridi huyasikia kila mwaka. “Fundi, bati ni jipya, mvua haijanyesha tangu Mei, na dari inadondosha maji kila asubuhi.” Nyumba ilikuwa na urefu wa mita 12 na upana wa mita 8, imeezekwa kwa bati za geji 28 juu ya kenchi za mbao, na chini yake kulikuwa na dari ya jipsamu. Fundi aliyetangulia alikuwa amesema kwamba uvungu wa paa unakosa hewa, akafunga karibu na kofia ya paa vichwa viwili vya chuma vinavyozungushwa na upepo. Tangu vifungwe, matone yalikuwa yameongezeka.

Fundi huyo hakukosea kwamba uvungu ulihitaji hewa. Alikosea kudhani kwamba tundu lolote, popote lilipo, huleta hewa kavu. Tundu halikaushi kitu kwa nguvu zake lenyewe; linabadilishana tu hewa iliyomo na hewa nyingine, na hiyo nyingine inaweza kutoka nje, inaweza kutoka bafuni, na inaweza kuwa na maji mengi kuliko ile iliyofukuzwa. Mwongozo huu unafuata kazi ya nyumba ile ya Njombe tangu ukaguzi wa kwanza, kisha unashuka mwambao, ambako hesabu ileile huleta jibu lililo kinyume.

Hakikisha kwanza kwamba si mvua

Maji yanayotokana na uvujaji na maji yanayotokana na jasho la bati huacha alama tofauti. Uvujaji hufuata mvua, hutokea mahali pamoja au pawili, na juu ya jipsamu huacha duara la rangi ya chai lenye ukingo uliokolea, kwa sababu maji yameosha vumbi na kutu njiani. Ukipanda darini na tochi, utaliona tundu la skrubu iliyolegea au maungio ya bati yaliyoachana, na mara nyingi utauona mwanga wa jua ukipenya hapohapo.

Jasho la bati halina uhusiano na mvua. Huja baada ya usiku wa baridi usio na mawingu, huanza kuonekana alfajiri, na hudondoka zaidi kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, jua linapoanza kulipasha bati na umande ulioshikamana ukaachia. Alama yake kubwa ni mistari. Maji huteremka kwenye uso wa chini wa bati kufuata mteremko, hukutana na papi, husimama hapo na kudondoka. Kwa hiyo madoa kwenye dari hujipanga sambamba na papi, kwa umbali uleule wa papi. Pale Njombe nilipima madoa ya sebuleni kwa futi kamba nikakuta yameachana kwa sentimita 90, na papi darini zilikuwa zimepigiliwa kwa sentimita 90. Baada ya hapo sikuhitaji kumwaga maji juu ya paa ili kutafuta mahali panapovuja.

Kabla ya kupanda, zima umeme kwenye swichi kuu, funika pua na mdomo kwa barakoa, na ukanyage mbao tu, kwa maana jipsamu haibebi mtu. Ikiwa nyumba ni ya zamani na imeezekwa kwa vigae vipana vya kijivu vya asbesto, usikate, usitoboe na usisugue kitu chochote hapo. Hiyo si kazi ya mwongozo huu.

Pima hewa ya mahali patatu

Kifaa kinachohitajika ni kipimaunyevu kidogo cha betri kinachoonyesha joto na asilimia ya unyevu. Ukipata vitatu ni vizuri zaidi, lakini kimoja kinatosha ikiwa utakiacha kila mahali kwa dakika 20 kabla ya kusoma. Pima nje mahali penye kivuli, chumbani, na darini, wakati mmoja na kwa siku mbili au tatu, saa kumi na moja alfajiri na tena saa nane mchana.

Asilimia zenyewe zisikudanganye. Asilimia 88 ya nje penye baridi inaweza kuwa na maji machache kuliko asilimia 72 ya chumba chenye joto, kwa sababu hewa ya joto hubeba maji mengi zaidi. Inabidi ugeuze kila kipimo kuwa gramu za maji kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Hewa iliyojaa maji kabisa hubeba kiasi hiki:

- nyuzi 10: gramu 9.4
- nyuzi 15: gramu 12.8
- nyuzi 20: gramu 17.3
- nyuzi 25: gramu 23.0
- nyuzi 30: gramu 30.4

Kwa nyuzi zilizo katikati, kadiria katikati. Kisha zidisha kwa asilimia uliyoisoma. Nyuzi 20 kwa unyevu wa asilimia 70 ni 17.3 mara 0.70, yaani gramu 12.1.

Alfajiri ya kwanza pale Njombe, nje palikuwa na nyuzi 11 na unyevu wa asilimia 88, sawa na gramu 8.8. Chumbani palikuwa na nyuzi 19 na asilimia 72, sawa na gramu 11.7. Darini palikuwa na nyuzi 14 na asilimia 92, sawa na gramu 11.1. Angalia kipimo cha darini kimeangukia wapi: kiko karibu kabisa na cha chumbani na mbali na cha nje. Ikiwa hewa ya uvungu ni mchanganyiko wa hewa hizo mbili, basi karibu sehemu nne kati ya tano zilikuwa zimepanda kutoka vyumbani. Vile vichwa vya juu ya paa vilikuwa vinafyonza kweli, ila vilikuwa vinaifyonza nyumba.

Sababu yake ni nyepesi. Hewa ya joto hupanda na kutokea juu, na kila lita inayotoka lazima nafasi yake ichukuliwe na nyingine. Penu za nyumba ile zilikuwa zimezibwa kwa mbao zilizobanana, hivyo njia rahisi iliyobaki ilikuwa ni matundu ya dari: pembeni mwa taa, kwenye nyaya, kwenye kifuniko cha kupandia darini ambacho hakikukaa sawa. Kuongeza tundu juu bila kufungua chini ni kuongeza dohani kwenye nyumba.

Hesabu nyingine ndogo ilimshangaza mwenye nyumba kuliko hiyo. Uvungu wake, ukichukua urefu wa wastani wa mita moja juu ya dari ya mita za mraba 96, ulikuwa na hewa ya mita za ujazo zipatazo 96. Hewa hiyo ikipoa hadi kufikia baridi ya bati, kila mita ya ujazo huacha takribani gramu 3 za maji. Jumla ni gramu 288, kama glasi moja na kidogo, ikiwa imetandazwa juu ya paa zima. Kiasi hicho huleta ukungu mwembamba kwenye bati, hakidondoshi kitu. Ili bati lidondoshe maji hadi saa tatu asubuhi, lazima hewa mpya yenye maji iwe inapanda usiku kucha, na kazi ya fundi inaanzia kwenye kuikatia njia.

Ziba dari kabla ya kutoboa paa

Hatua hii watu huiruka kwa sababu haionekani kama kazi ya uingizaji hewa. Washa kijiti cha udi, funga madirisha, na upite nacho polepole chini ya kila tundu la dari usiku au alfajiri, wakati nyumba ina joto kuliko nje. Moshi ukipinda na kupanda, hapo pana njia. Pale Njombe moshi ulinyonywa kwenye taa zote sita za sebuleni, kwenye kona moja ambako jipsamu haikufika ukutani, na kwa nguvu zaidi kwenye kifuniko cha kupandia.

Nyufa ndogo zizibwe kwa silikoni au kwa plasta ya jipsamu. Kifuniko kiwekewe ukanda wa sponji kuzunguka ukingo wake wote na komeo mbili za kukibana, kwa maana uzito wake pekee haukibani vya kutosha. Taa za kuzamishwa kwenye dari zenye balbu za zamani zinazochoma zisifunikwe kwa nyuma na kitu chochote kinachoshika moto. Ni afadhali uzibadilishe kwa taa za LED zilizofungwa nyuma, kisha uzibe ukingo.

Halafu kuna feni ya bafuni. Fundi umeme wa nyumba ile alikuwa amefunga feni nzuri, lakini mdomo wake ulitemea darini. Kila aliyeoga maji ya moto alipeleka mvuke wake moja kwa moja chini ya bati, na waliooga jioni walikuwa watano. Tuliunganisha bomba la milimita 100 kutoka kwenye feni hadi nje ya ukuta, tukaliinamisha kidogo kuelekea nje ili maji yanayotengenezeka ndani yake yatiririkie uani na yasirudi kwenye mota, na tukalivisha sufi ya kioo ili mvuke usipoe njiani. Kama ningeruhusiwa kufanya jambo moja tu katika nyumba ile, ningefanya hilo.

Tahadhari moja haiwezi kupunguzwa uzito. Nyanda za juu watu wengi hupasha vyumba kwa jiko la mkaa, na moshi usioonekana wa mkaa huua. Dari iliyozibwa vizuri hupunguza njia za hewa ya nyumba, hivyo jiko la mkaa lisilale ndani na chumba kiwe na dirisha au tundu la ukutani linaloelekea nje. Kinachokatazwa hapa ni mvuke kupitia darini; hewa ya watu ipitie kwenye madirisha.

Matundu: ukubwa wake na mahali pake

Baada ya kuziba, ndipo matundu yanapoanza kuwa na faida. Kanuni inayotumika sana, iliyotoka kwenye taratibu za ujenzi za Marekani, husema kwamba eneo wazi la matundu yote liwe sehemu moja kati ya 150 ya eneo la dari, na kwamba sehemu moja kati ya 300 inatosha pale ambapo matundu yamegawanywa vizuri baina ya chini na juu. Kwa dari ya mita za mraba 96, sehemu moja kati ya 300 ni mita za mraba 0.32, yaani sentimita za mraba 3,200: nusu kwenye penu, nusu karibu na kofia.

Eneo wazi si ukubwa wa shimo. Wavu hula nafasi, na luva hula zaidi. Sisi tulitumia wavu wa chuma wenye macho ya milimita 3, ambao huzuia popo na nyuki, na tukakadiria kwamba unabakiza theluthi mbili ya nafasi. Shimo la sentimita 30 kwa 15 lina sentimita za mraba 450, lakini baada ya wavu hubaki 300. Wavu wa mbu wa kawaida una macho madogo mno, na vumbi na utando wa buibui huuziba katika msimu mmoja. Nimewahi kushusha wavu wa namna hiyo uliokuwa umegeuka kitambaa.

Juu tayari tulikuwa na vile vichwa viwili, kila kimoja na shingo ya kipenyo cha sentimita 30, ambavyo kwa pamoja vina karibu sentimita za mraba 1,400. Havikung’olewa. Chini tulifungua matundu manane kwenye mbao za upenu, manne kila upande mrefu, jumla sentimita za mraba 2,400 zilizo wazi. Tulizidisha chini kwa makusudi. Uvungu wenye matundu makubwa chini kuliko juu hulishwa na hewa ya nje. Ule wenye matundu makubwa juu huendelea kuvuta dari, hata kama umeizibaziba, kwa sababu hakuna dari ya kawaida isiyopitisha hewa kabisa.

Matundu ya chini yakae pande zote mbili zinazotazamana, na njia ya hewa kutoka tunduni hadi uvunguni ibaki wazi. Kosa la kawaida ni kutoboa ubao wa upenu huku nyuma yake tofali za ukuta zimejengwa hadi kugusa bati, kwa hiyo hewa huingia kwenye kisanduku cha upenu na kuishia hapo. Ingiza mkono au kijiti kirefu, uhakikishe kinafika darini. Kama umetandaza sufi juu ya dari, iache sentimita 5 za nafasi chini ya bati kwenye ukingo, isije ikawa kizibo.

Matundu ya ukuta wa pembetatu ubavuni yanaweza kuchukua nafasi ya yale ya kofia, lakini upande unaopigwa na mvua ya upepo uepukwe. Luva isiyo na kina hupitisha mvua ya mlalo, na hapo utakuwa umetibu jasho kwa kuleta uvujaji.

Faida kubwa ya matundu haya huonekana mchana. Saa nane mchana pale Njombe, nje palikuwa na nyuzi 22 na asilimia 45, yaani gramu 8.7 tu, huku bati likiwa limepashwa na jua na hewa ya uvungu ikiwa inapanda kwa kasi. Huo ndio muda ambao mbao zilizolowa usiku hukauka. Mbao ya kenchi inayobaki chini ya asilimia 20 ya unyevu haiozi, na kinachoamua kama itabaki hapo ni saa za mchana inazopata za kukauka, kuliko umande wa alfajiri moja.

Usiku usio na mawingu

Ingekuwa si haki kumwambia msomaji kwamba baada ya hapo bati halitatoka jasho tena. Usiku wenye anga safi, bati hutoa joto lake kuelekea angani na hupoa hadi chini ya joto la hewa inayolizunguka, kwa nyuzi kadhaa. Hewa ya nje ikiwa na nyuzi 11, bati laweza kufika nyuzi 7, ambako hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 7.8 hivi. Hewa ya nje ya alfajiri ile ilikuwa na gramu 8.8. Maana yake ni kwamba hata hewa safi ya nje, bila tone la mvuke wa bafuni, huacha umande chini ya bati. Kuongeza matundu zaidi katika hali hiyo ni kuongeza maji, kwa sababu kila hewa mpya inayoingia huja na gramu yake moja ya kuacha. Ndiyo sababu gari lililoegeshwa uani hulowa juu ya boneti, na uani hakuna upungufu wa hewa.

Tofauti ni kiasi. Hewa ya chumbani iliacha karibu gramu 4 kwa kila mita ya ujazo. Ya nje huacha moja. Bati linaweza kushika umande wa kiasi hicho hadi jua likaufukuze bila kudondoka. Nilirudi wiki tatu baadaye, alfajiri ya baridi inayofanana na ile ya kwanza: nje gramu 8.9, darini gramu 9.3. Chini ya bati palikuwa na ukungu mweupe unaofutika kwa kidole, papi zilikuwa kavu, na ndoo ambayo mke wa mwenye nyumba alikuwa ameiacha sebuleni haikuwa na kitu.

Mahali ambapo ukungu wa milimani hukaa siku nzima, kama Mufindi au Lushoto, na vivyo hivyo Limuru upande wa Kenya, mchana haukaushi vya kutosha, na hapo dawa ni kulizuia bati lisiguswe na hewa ya uvungu. Wakati wa kuezeka, tandaza foili yenye viputo juu ya papi kabla ya bati, ipishane sentimita 15 kwenye maungio, iachwe ilegee kidogo kati ya papi, na ukingo wake wa chini uvuke ubao wa mbele ili matone yanayoteremka juu yake yaishie kwenye gata. Nimeona foili iliyokatwa kwa unadhifu ndani ya ubao huo. Maji yote iliyoyakusanya iliyamwaga juu ya ukuta. Kwenye nyumba iliyokwisha kuezekwa, kazi hii inadai kufumua bati, kwa hiyo ingoje siku ya kubadilisha bati isipokuwa mbao zimeanza kuota kuvu.

Kutandaza sufi ya kioo juu ya dari ni jambo zuri kwa joto la vyumba, lakini huufanya uvungu uwe wa baridi zaidi, na bati nalo. Anayetandaza sufi bila kuziba dari hupata vyumba vyenye joto na paa linalodondosha zaidi. Kwenye nchi ya baridi, nailoni ya kuzuia mvuke hukaa upande wa chumba, chini ya sufi.

Mwambao, na chumba chenye kiyoyozi

Sasa chukua vipimo vya Dar es Salaam au Mombasa mwezi Machi: nyuzi 30 na asilimia 75, sawa na gramu 22.8. Nyumba isiyo na kiyoyozi haina tatizo hapo. Uvungu wake una joto kuliko nje, hakuna uso baridi wa kuvuta umande, na matundu ya kutosha hupunguza fukuto bila madhara. Toboa kwa kanuni ileile na ulinde upande wa upepo wa bahari.

Chumba chenye kiyoyozi hubadilisha kila kitu, kwa sababu uso wa baridi sasa ni dari yenyewe. Kiyoyozi kikiwekwa nyuzi 20 usiku kucha, uso wa juu wa jipsamu unaweza kushuka hadi nyuzi 23, ambako hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 20.6. Hewa ya nje ina 22.8. Mwenye nyumba huona madoa ya kuvu kwenye dari ya chumba cha kulala, huambiwa kwamba darini hakuna hewa, hutoboa matundu, na kwa kufanya hivyo huleta hewa yenye maji mengi, bila kukoma, juu ya ubao wa baridi. Kuvu huongezeka, na dari huanza kubonyea katikati.

Utajua kwamba tatizo ni hili kwa dalili tatu zinazokwenda pamoja: madoa yapo kwenye vyumba vyenye kiyoyozi tu, yanakuwa mabaya miezi ya joto, na ukigusa jipsamu kutoka juu ni baridi na yenye ubichi wakati bati juu yake ni kavu kabisa. Pale Njombe ilikuwa kinyume: bati limelowa, jipsamu inalowa kwa kudondoshewa.

Hatua zake zinafuata mantiki hiyohiyo. Pandisha kiyoyozi hadi nyuzi 25 au 26 kwa wiki mbili. Hilo halina gharama, na ikiwa dari itakauka umeshapata jibu. Kagua mabomba ya shaba yanayopita darini, kwa maana sponji yake ikichanika bomba hutoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji, na doa moja refu linalofuata njia ya bomba ndilo ushahidi. Ziba matundu ya dari ili hewa baridi isimwagike juu wala ya joto isishuke. Mwisho, tandaza kizuizi cha joto juu ya jipsamu, safari hii foili ikitazama juu na maungio yake yakibandikwa kwa utepe, kwa sababu huku mwambao mvuke hutoka nje kuja ndani. Sufi tupu isiyo na foili haifai hapa. Mvuke huipenya na kukutana na ubao wa baridi kwa chini, mahali ambapo hutauona hadi sufi ianze kunuka.

Matundu yaliyokwisha kutobolewa yanaweza kubaki ikiwa kizuizi kimewekwa vizuri. Ikiwa hakijawekwa, yafunike kwa muda uone tofauti, ingawa paa la bati la migongo halizibiki kabisa na hewa ya bahari itaingia tu.

Uvungu wa chini ya sakafu ya mbao

Nyumba zilizoinuliwa juu ya nguzo au msingi mfupi, zenye sakafu ya mbao, ni chache kwetu, lakini wenye nazo huuliza swali hilohilo. Chanzo cha maji hapo ni udongo wenyewe. Kabla ya kuongeza tundu, tandaza nailoni nzito juu ya ardhi yote, ipishane sentimita 30, ipande kidogo kwenye kuta na ishikiliwe kwa mawe, baada ya kuhakikisha kwamba maji ya gata hayaingii chini ya nyumba. Taratibu zilezile za Marekani zinazodai sehemu moja kati ya 150 kwa ardhi tupu huridhika na moja kati ya 1,500 ardhi ikifunikwa, na tofauti hiyo ya mara kumi inaonyesha nailoni inafanya kazi kiasi gani. Wakati wa masika mwambaoni, hewa ya joto inayoingia chini ya chumba chenye kiyoyozi hulowesha sakafu kama inavyolowesha dari, na matundu zaidi hayatasaidia.

Ukaguzi baada ya kazi

Acha kipimaunyevu darini na usome kwa wiki mbili, alfajiri na mchana, ukiandika gramu badala ya asilimia. Nyanda za juu unatafuta kipimo cha darini kinachosogelea cha nje. Kikibaki karibu na cha chumbani, rudi na kijiti cha udi, kuna tundu ulilolisahau. Mwambaoni unapima joto la uso wa juu wa dari na kulinganisha na gramu za hewa. Chora mduara kwa penseli kuzunguka kila doa la zamani na uandike tarehe, maana doa lililokauka halifutiki na wengi hulipia kazi ya pili kwa sababu ya doa la kwanza. Nyavu za penu zipigwe brashi kila mwaka kabla ya Juni. Pale Njombe, mwaka uliofuata, matundu mawili kati ya manane yalikuwa yamezibwa na viota vya ndege, na mengine sita yalikuwa yanatosha kazi.